Karabai ya babu, vita vya Abushiri na barua ya makumbusho

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Pangani. Nyumbani kuna taa ya shaba ya pampu, karabai, iliyokuwa ya babu mzaa baba. Tumesimuliwa tangu utotoni kwamba alimnyang'anya afisa wa Kijerumani wakati wa vita vya Abushiri. Kwenye tangi panasomeka ROMAX na chini yake GERMANY, herufi nyingine zimefutika. Mimi mwenyewe niliitumia kufundishia kisomo usiku kuanzia 1971 hadi 1974, kisha ikawekwa darini. Nimewaandikia makumbusho kutaka kuwapa. Wamejibu wakiomba historia yake kwa maandishi, picha, na uthibitisho kwamba ni yetu. Mjukuu anataka tuisugue kwa ndimu na majivu kabla ya kupiga picha. Mdogo wangu anasema wataichukua waiuze. Niandike nini?"

Shikamoo Mwalimu. Naanza na ndimu, maana barua inaweza kungoja lakini mjukuu mwenye ndimu mkononi hangoji. Mwambie aache.

Shaba ya manjano iliyofuliwa tangi la karabai ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, kiasi cha theluthi mbili kwa theluthi moja. Ikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa kahawia. Utando huo watu huuita uchafu, kumbe ndio unaopunguza kasi ya unyevu kuila metali iliyo chini yake. Asidi ya ndimu au ya ukwaju huuyeyusha kwa dakika chache, taa ikang'aa, na kila mtu akafurahi. Shida ni kwamba kazi haiishii hapo. Zinki huyeyuka upesi kuliko shaba nyekundu, kwa hiyo pale ambapo asidi imebaki bila kusuuzwa vizuri, kwenye maungio na chini ya ukingo wa tangi, zinki hutoka na kuacha mabaka mekundumekundu. Hiyo ni shaba nyekundu iliyobaki peke yake, dhaifu, yenye vitundu usivyoviona kwa macho. Mabaka hayo hayarudi kuwa manjano. Na kama mjukuu ni wa wale wanaochanganya ndimu na chumvi, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi hujificha ndani ya vitundu hivyo, na kwa hewa ya bahari mliyo nayo Pangani, baada ya miezi kadhaa hutokea unga wa kijani kibichi hafifu ambao ukiufuta leo unarudi tena.

Majivu nayo yana kosa lake. Ndani ya majivu mna chembe ngumu zinazokwaruza, na kila msuguo huondoa metali kidogo. Tazama hizo herufi ulizonitajia. Kwa namna zilivyobaki, hiyo ni PETROMAX iliyopoteza herufi zake tatu za mbele. Sitashangaa ukiniambia kwamba upande uliofutika ndio upande ambao mkono wa kulia wa msafishaji hupita kwa nguvu. Watu wa nyumba yenu waliipenda taa hii, wakaisugua kila Idi na kila harusi, na PET ikaondoka kwenye majivu. Ukiisugua tena, utakachopoteza sasa ni GERMANY.

Usije ukakimbilia dawa za kopo badala ya ndimu, ukidhani za dukani ni salama kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya shaba. Nyingi zina amonia, na shaba ya manjano iliyopondwa au kuvutwa kwa mashine ili ipate umbo huwa na mkazo uliofungiwa ndani yake. Amonia ikiingia kwenye mkazo huo, metali hupasuka mipasuko myembamba kama nywele. Majeshi yaligundua jambo hili zamani kwenye maganda ya risasi, yaliyokuwa yakipasuka yenyewe yakihifadhiwa karibu na mabanda ya farasi, ambako mkojo hutoa amonia. Tangi la karabai limetengenezwa kwa njia inayofanana sana na ile ya ganda la risasi.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likakushangaza. Karabai nyingi za aina hii zilipotoka kiwandani hazikuwa na rangi ya shaba hata kidogo. Zilipakwa nikeli, zikawa nyeupe za kumeremeta. Geuza taa yako, utazame chini ya tangi, nyuma ya pampu na ndani ya mkunjo ambao kitambaa hakifiki. Ukiona kimstari cheupe kama fedha kinachoishia ghafla kwenye umanjano, basi hiyo ndiyo sura yake ya kwanza, na "taa ya shaba" mnayoijua ni matokeo ya kusuguliwa kwa miongo kadhaa. Ukiipiga picha sehemu hiyo, mtu wa makumbusho atafurahi kuliko akiona taa nzima inayong'aa.

Kwa hiyo fanya machache. Nawa mikono, ikauke kabisa, kwa sababu jasho lina chumvi. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu, basi. Ute wa kijani unaofanana na nta kwenye maungio, ambao hutokana na shaba kukutana na mafuta ya zamani, uache na uupige picha. Ili kuzisoma herufi zilizofifia usizipake chaki wala masizi. Iweke taa kwenye chumba chenye giza, washa tochi uilaze pembeni karibu na tangi ili mwanga upite juujuu, halafu mtu mwingine apige picha kwa simu huku wewe unaizungusha tochi polepole. Herufi ambazo mchana hazionekani hutoa kivuli chake. Tafuta zaidi ya jina: nambari kama 826 au 829, nambari zinazofuatwa na HK, ambacho ni kipimo cha Kijerumani cha nguvu ya mwanga, na herufi D.R.P. au D.R.G.M. Nitakwambia kwa nini.

Usiipige pampu, wala usiiwashe ili "kuona kama bado nzima". Ngozi ya pampu imekauka, na tangi lililokaa darini miaka hamsini halijulikani lina ufa wapi. Fungua kizibo polepole nje ya nyumba, umwage mafuta kama yamo, uliache wazi likauke kivulini. Ukikuta ngozi ya pampu si ngozi bali kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, tafadhali usikitoe. Mtu aliyekikata ameacha alama yake, na huenda unamjua kwa jina.

Kile kifuko cheupe cha wavu kinachowaka, kama bado kipo au mna vingine kwenye pakiti yake, kishike kwa uangalifu. Vifuko vya zamani vilitengenezwa kwa thoriamu, metali yenye mnururisho. Kukiangalia si hatari, na nyinyi mliokaa chini ya taa ile msiwe na hofu. Jambo la kuepuka ni kuvuta pumzi yenye unga wake, kwa maana kikishaungua hugeuka jivu linalopeperuka. Kifunike na mfuko wa plastiki, ufunge, uandike juu yake, na uwaambie makumbusho kabla hawajaifungua pakiti.

Sasa tuje kwa Abushiri, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu najua hadithi ya familia haikatwi kwa mkasi.

Vita vya Abushiri vilianza hapo hapo Pangani mwaka 1888, na Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani Desemba 1889. Karabai haimulikii kwa utambi. Unapampu hewa ndani ya tangi, hewa inasukuma mafuta ya taa yapande kwenye bomba lililopashwa moto, yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwa kishindo kwenye kitundu chembamba, ukachanganyika na hewa, ukawaka ndani ya kifuko, na kifuko ndicho kinachong'aa. Bila kifuko, una moto wa buluu usiosomesha mtu. Aliyegundua kifuko hicho ni Carl Auer von Welsbach wa Vienna. Hataza yake ya kwanza, yaani haki ya mgunduzi, ni ya 1885, kwa taa za gesi za mjini, na kile kilichofaa kweli, cha thoriamu, kilikuja 1891. Petromax yenyewe ilitengenezwa Berlin na kampuni ya Ehrich & Graetz, na ilianza takriban 1910. Afisa wa Kijerumani wa 1888, awe na cheo gani, hakuwa na taa ya kunyang'anywa ya aina hii.

Hilo halina maana kwamba babu alidanganya, wala aliyekusimulia. Masimulizi ya familia hukaza jambo kubwa na kulegeza tarehe. Pangani ina vita viwili vya Wajerumani kwenye kumbukumbu yake: vya Abushiri, na vile vya 1914 hadi 1918, ambapo Waingereza waliingia Pangani 1916 na Wajerumani wakaondoka wakiacha vitu vingi nyuma yao. Mtu anayesema "vita vya Mjerumani" mbele ya watoto anaweza kuwa anasema vya pili, na wao wakasikia vya kwanza kwa kuwa ndivyo vyenye jina. Vilevile kuna mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa 1893 na Richard Hindorf, na mwambao wenu ulijaa mashamba ya Wajerumani. Waliondolewa baada ya vita, wengi wakarudi miaka ya 1920, wakakaa mpaka 1939. Je, babu aliwahi kufanya kazi shambani, kama nyapara, karani, mpishi, fundi? Na njia nyingine, isiyo na ushujaa wowote lakini ndiyo iliyoleta karabai nyingi zaidi nyumbani mwa watu, ni kwamba aliinunua dukani kwa fedha yake.

Hapo ndipo zile herufi ndogo zinaposaidia. D.R.P. na D.R.G.M. ni alama za haki za wagunduzi za Dola la Ujerumani, na hazikutolewa tena baada ya dola hilo kuanguka 1945. Ukizikuta, taa ina uwezekano mkubwa kuwa ya kabla ya hapo. Ukikuta WEST GERMANY au W. GERMANY, ni ya baada ya 1949, na tutajua kwamba babu, kama alikuwa bado hai, aliipata uzeeni mwake, au baba ndiye aliyeinunua. GERMANY peke yake haisemi mengi, na kwa kuwa neno la mbele yake limefutika, usilijaze kwa kudhani. Alama hizi zinakupa kipindi, hazikupi mwaka, kwa sababu viwanda viliweza kuendelea na mhuri wa zamani wakati sheria imeshabadilika.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza, sikusimama kwenye Abushiri. Nilisimama kwenye sentensi uliyoipitia mbio: kisomo, 1971 hadi 1974.

Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata TANU ikaweka lengo la kufuta kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1975, na Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa. Mambo hayo yako kwenye hotuba na kwenye takwimu. Kitu kisichokuwa kwenye takwimu ni kwamba watu wazima walisoma baada ya kazi za shamba na uvuvi, maana yake walisoma usiku, na usiku vijijini haukuwa na umeme. Mtu fulani alilazimika kuleta mwanga. Wewe ndiye, na taa ni hii. Makumbusho zina picha za viongozi wa enzi hiyo. Karabai iliyothibitika kwamba ilimulika ubao wa kisomo, yenye jina la kijiji na miaka na mwalimu aliye hai wa kusimulia, ni kitu cha nadra.

Nakwambia hivi kwa sababu nyingine isiyopendeza. Petromax ilitengenezwa kwa wingi sana na ikaigwa na wengi, na kuna makumbusho ambazo tayari zina karabai kadhaa stoo, hazina mahali pa kuweka nyingine. Taa yako ikienda kama "karabai ya Kijerumani ya zamani", kamati inaweza kuikataa kwa heshima. Ikienda kama nyara ya Abushiri, mtaalamu ataukuta mwaka wa 1910 kwa nusu saa, na baada ya hapo ataanza kutilia shaka hata yale mengine ya kweli uliyoyaandika. Ikienda na kisomo mbele, inakuwa na hoja.

Kwa hiyo andika historia yake kwa namna ambayo msomaji hatachanganya aina tatu za maneno: uliyoyaona mwenyewe, uliyosimuliwa pamoja na jina la aliyekusimulia, na unayoyadhani. Usiyatenge kwa vichwa vya habari kama ripoti ya ukaguzi. Inatosha kila sentensi ioneshe imetoka wapi. Kitu kama hiki:

"Taa hii niliikuta nyumbani kwa baba yangu, mtaa fulani, Pangani, nilipokuwa na umri wa kama miaka saba. Wakati huo ilitundikwa barazani wakati wa maulidi na harusi, na baba peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuipampu. Shangazi yangu fulani, aliyefariki mwaka fulani, alinisimulia kwamba babu aliipata kwa afisa wa Kijerumani wakati wa vita, na yeye aliviita vya Abushiri. Kwa alama zilizo kwenye tangi, nadhani taa ni ya baadaye kuliko vita hivyo, na huenda shangazi alikusudia vita vya 1914. Kuanzia 1971 hadi 1974 niliibeba mwenyewe kwenda darasa la kisomo katika kijiji fulani, siku fulani za wiki."

Unaona Abushiri bado yumo. Usimfute. Makumbusho hukusanya na masimulizi, na ukweli kwamba familia ya Pangani ilipokuwa na kitu cha Kijerumani ilikifunga kwenye jina la Abushiri ni habari yenyewe. Ila iandikwe kama simulizi.

Kwenye sehemu ya kisomo ndiko ukae kwa raha, na usiandike kwa lugha ya hotuba. Andika darasa lilikuwa wapi: chini ya mwembe, kwenye ofisi ya kijiji, kwenye jengo la shule. Taa ilitundikwa wapi, na wa nyuma waliona ubao au walisogea. Mafuta ya taa alitoa nani, kijiji, wilaya au mfuko wako. Karabai huvuma, ulilazimika kupaza sauti? Ikififia katikati ya somo, nani alinyanyuka kupampu? Wadudu je? Kifuko kilipopasuka njiani, kingine kilipatikana wapi? Maswali kama haya ndiyo niliyotamani kuwauliza watu walioleta vitu vizuri kisha wakafariki kabla hatujakaa nao.

Halafu tafuta ushahidi wa pembeni. Barua ya kukupangia kituo, daftari la mahudhurio, vitabu vya kisomo vilivyobaki kabatini, hata picha ambayo taa inaonekana kwa mbali nyuma ya watu. Picha ya harusi ya 1965 yenye karabai imening'inia juu ya bwana harusi ina thamani kuliko kurasa tano za maelezo. Na kama kuna mwanafunzi wako mmoja aliye hai, keti naye, umrekodi kwa simu akieleza darasa lile kabla hujamwonesha taa wala kumtajia. Akiitaja mwenyewe, una shahidi. Mwombe ruhusa ya sauti yake kutunzwa, na rekodi hiyo iende pamoja na taa.

Umiliki una ugumu wake, na hapa ndugu wengi hugombana. Umesema ilikuwa ya babu. Kama ni ya babu, na mirathi ya babu na ya baba haikuitaja wala kuigawa, basi si yako peke yako hata kama imekaa kwako miaka hamsini. Ni ya warithi wote, wakiwemo shangazi zako na watoto wa waliotangulia. Makumbusho haihitaji hati ya mahakama kwa taa moja ambayo hakuna anayeigombania, lakini inahitaji kujua kwamba kesho haitajitokeza binamu kutoka Tanga au Muscat akidai urithi wake. Kaeni kikao cha familia, muandike karatasi moja inayosema taa ni ya nani kwa asili, warithi ni nani, na wamekubali itolewe. Kila mmoja asaini, aliye mbali atume ridhaa yake kwa maandishi, na ofisi ya mtaa au kijiji ishuhudie. Mmoja akikataa, usipeleke taa. Kama mvutano ni mkubwa, au kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa, mwoneni yeye au Mahakama ya Mwanzo kwanza. Hilo siwezi kulitatua mimi kutoka huku.

Mdogo wako anayesema wataiuza hayuko kwenye njozi. Kitu kinachopokelewa bila maandishi hupotea, si lazima kwa wizi. Ofisa aliyekipokea huhama, stoo ikahamishwa, na anayefuata akakuta karabai isiyo na jina, na karabai isiyo na jina ni chuma chakavu. Nimeona mwenyewe rafu ya vitu vya namna hiyo, na hakuna aliyeweza kusema kimoja kimetoka wapi. Kinga yake iko kwenye karatasi. Siku ya kuipeleka kwa ajili ya kuangaliwa tu, dai stakabadhi ya muda yenye maelezo na picha, isemayo kwamba bado ni mali yenu mpaka kamati iamue. Ikikubaliwa, mtasaini hati ya zawadi, nakala mbili, moja mbaki nayo. Kisha taa itapewa namba ya mkusanyo, na namba hiyo huandikwa juu ya kitu chenyewe na kwenye rejista. Omba uipewe. Mjukuu akienda huko miaka ishirini baadaye, hatauliza "taa ya babu yangu iko wapi", atataja namba.

Uliza pia, kabla ya kusaini, kitu kinachoondolewa kwenye mkusanyo huondolewaje. Unaweza kuomba waandike kwamba wakiamua kuiondoa, familia ijulishwe kwanza. Ombi hilo ni la kawaida na wengi hulikubali. Ombi ambalo watalikataa, na wana haki, ni lile la kutaka taa iwe kwenye maonyesho daima. Sehemu kubwa ya mkusanyo wa makumbusho yoyote hukaa stoo, hutolewa kwa maonyesho fulani, ikarudi. Kama moyo wako hautatulia bila kuiona kwenye kabati la kioo kila ukienda, ni bora ulijue hilo sasa.

Si lazima mtoe zawadi. Mnaweza kukopesha kwa muda ulioandikwa, ingawa makumbusho nyingi hukwepa mikopo mirefu ya vitu vidogo kwa sababu lazima wavitunze bila kuwa navyo. Mnaweza pia kubaki na taa, mkawapa nakala za picha, rekodi ya mwanafunzi wako na historia uliyoandika. Binafsi ningependelea taa iende pamoja na historia, kwa kuwa hewa ya Pangani na dari vinaila kila mwaka, lakini ikibidi vitengane, okoa historia kwanza. Petromax nyingine zipo. Mwalimu aliyefundisha kwa hii ni mmoja.

Umechagua makumbusho gani, hukuniambia. Usiende kwa ukubwa wa jina. Tanga mjini, kwenye Boma la zamani, kuna makumbusho ya Urithi, na kwao kitu cha Pangani ni kitu cha nyumbani. Chini ya Makumbusho ya Taifa, pamoja na Nyumba ya Utamaduni ya Dar es Salaam, kuna ile ya Azimio la Arusha huko Arusha na ile ya Mwalimu Nyerere Butiama, ambazo simulizi la kisomo linaingia moja kwa moja kwenye shughuli zake. Waandikie mmoja kwanza. Ukiwaandikia wote kwa pamoja na wawili wakakubali, utakuwa umejitafutia aibu ya bure.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa maelezo ya mbali. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi baada ya kufutwa, ukiona ufa kwenye tangi au shingoni, au kizibo kimekwama na ndani unasikia mafuta yakicheza, usilazimishe kwa koleo. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, iweke kavu, umwombe mhifadhi vifaa wa makumbusho aje au mumpelekee. Siku ya kuisafirisha, toa kioo ukifunge peke yake, tangi liwe tupu, taa isimame wima katikati ya nguo, na aibebe mtu wa familia. Usiitume kama kifurushi cha basi.

Na barua yako ya pili, ile yenye historia, ipeleke nakala mbili. Moja iache masjala, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Kamati hazikai kila mwezi, kwa hiyo kimya cha miezi miwili mitatu si kukataliwa. Ukipita hapo, nenda na nakala yenye mhuri, uulize faili limefikia meza ya nani.